Kutoka Makala ya Semina hadi Mwongozo wa Mjadala: Sadfa katika Kidagaa Kimemwozea

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayeongoza kikundi cha usomaji, bila shaka unayo makala ya semina kabatini. Walimu wengi wa huku Matisi na kote Kitale hadi Bungoma hurudi kutoka semina na makala ya kurasa kumi au zaidi, kisha huisoma darasani kama ilivyo. Wanafunzi hunakili. Siku ya mtihani hoja hurudi neno kwa neno, bila tukio hata moja la kitabuni la kuitetea.

Kosa si la makala. Makala huandikwa ili kuthibitisha msimamo, kwa hiyo mwandishi huziba kila mwanya wa kupingwa. Mwongozo wa kiongozi wa mjadala hufanya kinyume: huifungua mianya hiyo ili wengine waingie. Kuifupisha makala hakutoshi. Lazima uigeuze.

Tuchukue mfano. Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora ilitoka mwaka 2012 na ikawa kitabu teule cha shule za upili kwa miaka kadhaa. Haitahiniwi tena, lakini makala zilizoandikwa juu yake bado zimejaa, na nyingi hurudia dai hili: kwamba sadfa ni nyingi mno, na zinaudhoofisha uhalisia wa riwaya. Tuseme makala yako inadai hivyo. Utaigeuzaje iwe mwongozo wa ukurasa mmoja?

Hatua ya kwanza: muhtasari

Andika sentensi nne au tano tu. Ya kwanza itaje dai, zinazofuata zitaje ushahidi, na ya mwisho itaje hitimisho la mwandishi. Usitie maoni yako hapa. Kwa mfano:

"Makala inadai kwamba sadfa zinaudhoofisha uhalisia wa riwaya. Amani na Imani, wote wawili waliodhulumiwa, wanakutana kwenye Mto Kiberenge bila kujuana. Amani anaajiriwa na Mtemi Nasaba Bora, naye Imani anaajiriwa na nduguye Mtemi, Mwalimu Majisifu. Majisifu huyo ndiye aliyeuiba mswada wa Amani, na kitoto Uhuru kinaachwa mlangoni pa Amani huyo huyo. Mwandishi anahitimisha kwamba mambo haya hayawezi kutokea katika maisha ya kawaida."

Utajuaje kwamba muhtasari wako unafaa? Msomee mtu asiyeiona makala, kisha mwulize mwandishi anadai nini. Akikusimulia hadithi ya riwaya badala ya kukutajia dai, andika upya.

Hatua ya pili: hoja za uhakiki

Hapa ndipo penye kazi. Tafuta hoja mbili tu, kila moja ikiwa imefungwa kwenye tukio.

Hoja ya kwanza ni ya istilahi. Sadfa ni matukio mawili kugongana bila yeyote kukusudia. Sasa pitisha kila tukio la makala kwenye kipimo hiki: kuna mhusika aliyelitaka litokee? Mkutano wa mtoni unabaki kuwa sadfa. Lakini Amani haingii Sokomoko kiholela. Ana haki anayoifuatilia, ya ardhi ya babu yake na ya mswada wake. Hiyo ni nia. Kitoto Uhuru nacho hakikudondoka mlangoni pa Amani. Kuna aliyekipeleka na kukiacha pale. Kwa Amani ni mshangao, na kwa msomaji pia, ila mshangao si sadfa. Makala imeyachanganya mambo hayo mawili, na ukiyatenganisha, orodha yake inapungua.

Hoja ya pili ni ya mazingira. Makala inashangaa kwamba Amani na Imani wote wanaangukia mikononi mwa familia moja. Lakini jiulize: Sokomoko kuna milango mingapi ya kubisha mtu akitafuta kazi? Mtemi ana ardhi, ng'ombe na mamlaka. Nduguye ana jina na nyumba inayohitaji mfanyakazi wa kuwatunza watoto. Pale mali na mamlaka vinaposhikwa na wachache, aliyenyang'anywa hana budi kurudi kwa aliyemnyang'anya kuomba kazi. Kinachoonekana kuwa bahati kinaweza kuwa matokeo ya dhuluma yenyewe. Kwa mtazamo huu, ajira hizo mbili zinaujenga uhalisia ambao makala inadai zinaubomoa.

Usiishie kuiangusha makala. Onyesha pia inaposimama. Hoja ya mazingira haiwezi kuueleza mkutano wa mtoni. Hapo mwandishi wa riwaya ameusukuma mkono wa bahati, na makala ina haki ya kuuliza kwa nini. Mwongozo usioiachia makala chochote utawafanya wanafunzi wakufuate wewe badala ya kumfuata mwandishi wa makala. Bado hawatakuwa wamehakiki.

Hatua ya tatu: vichocheo vya mjadala

Swali "Eleza matumizi ya sadfa katika riwaya" ni la mtihani. Litaleta orodha, na orodha haina mpinzani. Swali "Je, huoni kwamba sadfa hapa inafaa?" limeshajijibu. Kichocheo kizuri humlazimisha msomaji kufungua kitabu na kuchagua upande. Kwa mjadala wetu, vitatu vinatosha:

1. Uondoe mkutano wa Mto Kiberenge. Ni tukio gani la baadaye lisingeweza kutokea, na lipi lingetokea vilevile?

2. Imani anahitaji kazi lakini nyumba ya Majisifu imefungwa. Kwa kufuata riwaya, angekwenda wapi kwingine?

3. Kichwa cha riwaya humsema mtu ambaye mambo yamemharibikia. Je, yanamharibikia Nasaba Bora kwa bahati mbaya, au kwa matendo yake? Taja tendo.

Chini ya kila kichocheo andika swali moja la akiba, la kutumia kikundi kikinyamaza. Kwa kichocheo cha pili, kwa mfano: "Nani mwingine Sokomoko ana uwezo wa kumlipa mfanyakazi?" Swali la akiba liwe dogo kuliko la kwanza, na liwe na jibu linaloonekana kitabuni.

Kugawa muda

Kipindi cha dakika 40 kinatosha ukikigawa hivi: dakika 5 za muhtasari, dakika 20 za vikundi vya watu watano au sita, kila kikundi kichocheo kimoja, kisha dakika 15 za kuripoti. Hoja zako mbili usizitangaze mwanzoni. Ziweke mkononi, uzitoe wakati wa kuripoti, pale tu kikundi kinapokwama au kinapokubaliana upesi mno.

Dalili ya kwamba mwongozo umeshindwa ni majibu yasiyotaja mhusika wala tukio: "inaonyesha uhalisia", "inakuza maudhui". Ukiyasikia, uliza "wapi?" na usubiri. Mtahiniwa akizoea kuulizwa "wapi?", atajiuliza mwenyewe akiwa na karatasi ya mtihani, kwa kitabu chochote atakachotahiniwa. Nawe makala yako irudishe kabatini. Ukiigeuza tena mwakani, huenda darasa jingine likaupata mwanya ambao mwongozo huu haukuuona.