Uso Mweusi Chini ya Taa Tatu

Fundi wa rangi anayepewa klipu ya uso mweusi uliopigwa na taa za aina mbalimbali hujiwa kwanza na hamu ya kuuongezea uso ule mwangaza. Hamu hiyo huzaa uso uliopauka, na mara nyingi hata ule uliojaa tope. Ustadi wa kugredi uko kwingine: katika kutenganisha rangi ya taa na rangi ya mtu, na ngozi nyeusi yenyewe ndiyo inayoonyesha mahali pa kutenganishia.

Ngozi yenye melanini nyingi humeza sehemu kubwa ya mwanga unaoingia ndani yake. Kwa hiyo ule unaodunda juu tu, kwenye paji la uso, mashavu na ncha ya pua, hujitokeza waziwazi. Mng'ao huo hubeba rangi ya taa, ilhali mwanga unaorudi kutoka ndani ya ngozi hubeba rangi ya mwenye uso. Tuchukue bibi harusi aliyeketi ukumbini Dar es Salaam alasiri. Kushoto kwake kuna dirisha lenye mwanga wa mchana, wa takriban 5600K. Juu kuna balbu za njano za karibu 3000K. Ukutani nyuma kuna tyubu zenye kijani kidogo. Kamera imewekwa katikati, 4300K. Shavu la kushoto litang'aa bluu, paji litang'aa rangi ya chungwa, na kivuli cha shingo kitakuwa na ukijani. Ukisahihisha picha nzima kwa mkupuo, utaponya shavu na kuharibu paji.

Njia iliyo salama ni kuchagua taa inayotawala uso, hapa dirisha, na kusawazisha picha mpaka shela upande ule iwe nyeupe kweli. Balbu ziachwe na unjano wake, kwa kuwa mtazamaji anazijua hivyo. Kisha uso uzungushiwe Power Window inayofuata mwendo wake, na Gamma isogezwe kidogo kutoka kijani kuelekea majenta. Hapo tope huanza kuondoka. Baadaye, kwa Lum Vs Sat, sehemu zinazong'aa peke yake zipunguziwe rangi, ili chungwa ya balbu ififie na mng'ao ubaki kuwa mwanga tu. Lift isipandishwe: weusi wa mboni na nywele ukae karibu na sifuri. Kama uso bado una giza, sasa ndipo Gamma iinuliwe kidogo.

Vipimo navyo vinahitaji kusomwa kwa akili. Ile kanuni ya kuuweka uso kwenye asilimia 70 ya Waveform ni urithi wa ngozi nyeupe, sawa na kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, ambazo kwa miongo mingi zilimweka mwanamke mweupe kuwa kipimo cha wote. Uso mweusi sana unaweza kukaa kati ya 30 na 45, mng'ao wake ukafika 60 au kupita, na ukawa na afya tele. Ule mwachano kati ya ngozi na mng'ao ndio unaochonga umbo la uso. Ukiona sehemu ya chini ya Waveform imeacha sakafu na mwachano umebana, uso umepauka. Ukiona alama za uso kwenye Vectorscope zimejikunyata karibu na kitovu na kuegemea kijani, uso umeingia tope.

Wapo watakaosema kwamba watazamaji wengi hutumia simu juani, hivyo uso lazima uangazwe. Lakini jicho hutambua uso kwa kuulinganisha na kilicho nyuma yake: punguza mwanga wa ukuta wenye tyubu, na uso utajitokeza bila kuguswa. Wengine watasema kwamba, kwa kuwa nyuso za watu wote huangukia karibu na mstari mmoja wa ngozi kwenye Vectorscope, LUT moja inatosha. Mstari ule huonyesha mwelekeo wa rangi. Hausemi rangi iwe nzito kiasi gani wala uso uwe na mwangaza gani, na LUT haijui ni taa ipi iliyopiga shavu lipi.

Kazi hii ina mipaka. Klipu ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na zile chache zilizoko gizani zikivutwa juu huleta michirizi na chenga. Taa ya LED duni isiyotoa wekundu wa kutosha nayo huacha pengo ambalo hakuna kitufe cha kuliziba. Ndani ya mipaka hiyo, jaribio la mwisho ni kumtazama bibi harusi akiwa fremu moja na mpambe aliye mweupe kuliko yeye. Wote wawili waonekane wako ukumbi mmoja, na tofauti ya rangi zao ibaki ileile waliyoingia nayo. Ikiwa imepungua, kazi irudiwe kuanzia kwenye mng'ao.