Bomba Liwekwe Wapi?

Barabara inatoka sokoni, na kando yake zipo nyumba tano: kwenye kilomita ya 2, ya 3, ya 4, ya 6 na ya 20. Bomba la maji ni moja. Liwekwe wapi?

Fundi mmoja atatafuta wastani: jumla 35, gawanya kwa 5, apige kigingi kwenye kilomita ya 7. Mwenzake atachagua nyumba ya katikati, kilomita ya 4. Hesabu zao zote ni sahihi. Wametofautiana jinsi ya kuipima adha ya kutembea.

Kwa huyu wa pili, adha ni kilomita zenyewe. Bomba likiwa kwenye 4, watu watatembea 2, 1, 0, 2 na 16, jumla 21. Likiwa kwenye 7, jumla inafika 26. Lisogeze kutoka 4 hadi 5 uone: nyumba mbili za mbele zinapunguziwa kilomita moja moja, lakini tatu zinaongezewa. Ni kura, na kila nyumba ina moja tu, iwe karibu au mbali. Nyumba ya mwisho ingehamia kilomita ya 200, bomba lisingesogea hata hatua. Wastani ungekimbilia 43, mahali asipoishi mtu.

Fundi wa kwanza anazidisha kila umbali kwa wenyewe kabla ya kujumlisha. Kwake, anayetembea mara mbili ana adha mara nne. Kwenye 7 anapata 25, 16, 9, 1 na 169, yaani 220. Kwenye 4 anapata 265. Hapa kura hazilingani: ukisogeza bomba kidogo, mraba wa nyumba iliyo mbali hubadilika zaidi, kwa kadiri ya umbali wake. Basi bomba hutulia pale umbali wa nyuma unapolingana na wa mbele: 5, 4, 3 na 1 ni 13, na mbele pia ni 13. Kinachonifurahisha zaidi ni ile ziada ya 45. Ni nyumba 5 mara mraba wa 3, yaani kilomita tulizosogea kutoka kwenye wastani. Ndivyo ilivyo daima, kwa namba zozote, ndiyo maana wastani hauna mpinzani katika mchezo wa miraba.

Mwanahisabati Legendre alipochapisha njia ya miraba midogo kabisa mwaka 1805, alisifu wepesi wake, na kweli ni nyepesi: jibu huja kwa kujumlisha na kugawanya. Kwa bomba, hata hivyo, mimi ningemfuata fundi wa pili.

Naye ana kitendawili chake. Ondoa nyumba ya 20, zibaki nne. Bomba likae kwenye 3, kwenye 4, au popote kati yake, jumla ni ileile 5. Miraba ingemwambia 3.75 bila kusita. Kilomita zinamwachia achague mwenyewe.