Nyuzi 133 Zilizotangazwa kwa Haraka

Katika vitabu vya marudio vinavyouzwa kwenye maduka na vibanda vya katikati ya jiji la Nairobi, na ambavyo nakala zake hutolewa fotokopi hadi Kangemi na Kabete, lipo jibu moja la mfano ambalo wasomaji wengi wa kemia wamekwisha kulipitia, nalo linahusu kuvunjika kwa bikaboneti ya sodiamu, yaani unga mweupe wa soda unaotiwa katika mandazi. Hesabu ya jibu hilo ni safi mpaka mstari wa mwisho, ambapo mwandishi wake anatangaza kwamba chini ya nyuzi 133 za Selsiasi mmenyuko huo hautokei. Tangazo hilo si sahihi, na kosa lake si la tarakimu.

Mwanzo wa jibu hauna dosari na haupaswi kukawiza mtu. Mmenyuko wenyewe ni 2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂, ambapo yabisi moja inazaa yabisi nyingine pamoja na gesi mbili. Badiliko la enthalpia, yaani joto linaloingia au kutoka kanieneo likiwa halibadiliki, ni +135.6 kilojuli, na badiliko la entropia, yaani kipimo cha jinsi nishati na chembe zinavyotawanyika, ni takriban +334 juli kwa kila kelvini, jambo lisiloshangaza kwa kuwa gesi zimetoka mahali ambapo hapakuwa na gesi. Alama zote mbili ni chanya, kwa hiyo katika mlinganyo wa nishati huru ya Gibbs, ΔG = ΔH − TΔS, joto likipanda sehemu ya pili inakua hadi kuishinda ya kwanza, na mmenyuko unakuwa wa kujiendea wenyewe. Mwandishi alikumbuka hata kugeuza kilojuli ziwe juli kabla ya kugawanya, jambo ambalo watahiniwa husahau kila mwaka wakaishia na kizingiti cha 0.4 kelvini bila kushtuka. Alipata kelvini 406, ambazo ni nyuzi 133.

Hapo ndipo uamuzi mbaya ulipofanywa. Takwimu za majedwali alizotumia zina alama ndogo ya duara juu yake, ΔH° na ΔS°, na alama hiyo ina masharti: kila gesi iwe na kanieneo ya bar 1 peke yake. Kwa kuwa mmenyuko huu hutoa gesi mbili, nyuzi 133 ni joto ambapo unga huo unasimama katika msawazo ukiwa ndani ya chombo chenye bar 1 ya mvuke wa maji na bar 1 ya kaboni dioksaidi, jumla bar 2. Hakuna jikoni wala maabara ya shule iliyo wazi jijini Nairobi yenye hali hiyo. Mwandishi alijibu swali la chombo kilichofungwa na kushinikizwa, kisha akalitangaza jibu kana kwamba ni sifa ya unga wenyewe popote ulipo.

Sharti sahihi la mpaka ni ΔH° − TΔS° + RT ln Q = 0, ambapo Q ni zao la kanieneo za gesi zilizopo zikipimwa kwa bar, na R ni 8.314. Jiji la Nairobi liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni takriban bar 0.83, ndiyo maana maji huko huchemka kati ya nyuzi 94 na 95, si 100, na maharage hukaa motoni muda mrefu kuliko Mombasa. Unga wa soda ukichomwa ndani ya neli ya majaribio yenye mdomo mwembamba, gesi zake huisukuma hewa nje na kujaza nafasi yake, kila moja ikiwa na bar 0.415. Zao lake ni 0.172, na hesabu ikirudiwa, kizingiti kinashuka hadi nyuzi 116. Kupanda hadi Kabete, penye mwinuko zaidi kidogo, hakuongezi tofauti inayofikia hata nyuzi moja, kwa hiyo si mwinuko peke yake unaolivunja jibu la kitabu.

Kinacholivunja hasa ni hewa inayopita. Unga ukitandazwa kwenye sahani pana ndani ya tanuri ya kukaushia yenye upepo, gesi zinazotoka huondolewa kabla hazijajikusanya, na kinachouzunguka unga ni hewa ya kawaida tu, yenye kaboni dioksaidi ya bar 0.00035 hivi na, siku isiyo kavu sana, mvuke wa bar 0.015. Zao la namba hizo ni dogo mno, logi yake asilia ni takriban −12.2, na kizingiti kinaporomoka hadi karibu nyuzi 38. Mmenyuko uleule, ΔH ileile, ΔS ileile, una mipaka ya 133, 116 na 38, na kila mpaka ni wa kweli mahali pake. Alama za enthalpia na entropia zilisema kweli yote ziliyoweza kusema: kwamba kupasha moto kunasaidia. Hazikuwahi kuahidi nyuzi fulani.

Anayetilia shaka apime gramu 10 za unga huo, auache kwenye tanuri wazi yenye nyuzi 100 kwa saa kadhaa, kisha aupime tena kila baada ya muda. Ukivunjika wote, hubaki gramu 6.3 za kaboneti ya sodiamu, kwa kuwa gramu 62 kati ya kila 168 huondoka kama gesi. Kwa mujibu wa kitabu, mizani haipaswi kusogea hata kidogo. Joto likiwa nyuzi 60 upungufu utakuja polepole sana, lakini hilo ni suala la kasi, ambalo nishati huru haina kauli juu yake, na kulichanganya na kizingiti ni kosa jingine la zamani. Upande wa pili, pakiti iliyo rafuni Kawangware penye nyuzi 25 iko chini ya mipaka yote mitatu, na haivunjiki.

Wazee waliotangulia hawakuhitaji kukumbushwa kuhusu kanieneo. Mfaransa Henri Debray alipima mwaka 1867 kanieneo ya kaboni dioksaidi juu ya kaboneti ya kalsiamu iliyopashwa moto, akaonyesha kwamba kila joto lina kanieneo yake, na alifanya hivyo kabla Gibbs hajachapisha kazi yake kuu kati ya 1876 na 1878. Kinyume chake, mwanakemia Berthelot alishikilia kwamba mmenyuko unaojiendea ni ule unaotoa joto, na kivuli chake bado kinatembea madarasani, sasa kikiwa kimevaa jedwali la visanduku vinne vya alama ambalo wanafunzi hulikariri bila kuulizwa gesi ziko wapi.

Jibu la nyuzi 133 linastahili alama zote za hesabu, na linastahili kunyimwa alama ya hitimisho mpaka kanieneo iandikwe kando ya joto.