Vifaa Vikiisha, Utafanyaje? Uchambuzi wa Jibu la Mhudumu wa Afya

Nchini Kenya, mhudumu wa afya ya jamii hupendekezwa na wakaazi wenzake, mara nyingi kwenye baraza, kisha huhojiwa na kufunzwa. Hukabidhiwa kaya zipatazo 100. Tangu mpango wa wahudumu hawa ulipozinduliwa upya Septemba 2023, anastahili posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, inayochangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Kwa hiyo jopo hutafuta mambo mawili: kwa nini unaitaka kazi hii, na utaifanyaje mkoba wa vifaa ukiwa mtupu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa dada anayeuza ndizi katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Anaulizwa kwa nini amejitokeza. Angejibu kwamba anapenda kusaidia watu, jopo lisingekuwa na cha kupima, maana kila anayeingia mlangoni husema hivyo. Yeye anaeleza alichokuwa akifanya kabla ya nafasi kutangazwa: amekuwa akiwakumbusha akina mama wa safu yake tarehe za chanjo na kuwashikia meza wakienda kliniki. Jopo linaweza kuwauliza wakaazi kama ndivyo. Kisha anataja ukweli wa pesa: “Sista, posho hii haiwezi kulipa kodi yangu. Ndizi ndizo zinazonilisha, na mdogo wangu atashika meza asubuhi nikiwa kwenye ziara.” Anayetegemea posho pekee huacha kazi inapochelewa. Aliyekwisha kupanga riziki yake ana sababu ya kubaki.

Anaulizwa tena: kaya 100, huna nauli, utazifikiaje? Jibu zuri lina hesabu. Kaya tano kwa siku, siku 20 kwa mwezi, zinatimiza 100. Kila ziara ikichukua nusu saa, ni saa mbili na nusu kwa siku, bila kuhesabu mwendo wa miguu. Wiki ya kwanza anaiweka kwa nyumba zenye wajawazito na watoto wachanga, na mtoto akizaliwa wakati wowote, ratiba nyingine inasogea. Anaongeza jambo ambalo mgeni asingelijua: siku ya soko akina mama wengi hawako nyumbani mchana, hivyo atawatembelea jioni. Sokoni atawakumbusha tarehe tu. Hatampima mtoto wala kuuliza habari za ugonjwa mbele ya wateja, kwa sababu siri ya mtu ikivuja, mlango hufungwa.

Sasa swali zito. Mtoto wa miezi minane anakohoa na mwili wake una joto. Saa ya kuhesabia pumzi imeharibika, na vipimo vya malaria vimekwisha. Atafanyaje?

Hapa wengi huponzwa na hamu ya kuonyesha ubunifu. Husema watampapasa mtoto kipaji cha uso, na wakiona ni malaria watampa dawa. Joto la mwili halitofautishi malaria na nimonia, na mtoto aliyetibiwa ugonjwa asio nao hucheleweshewa tiba anayoihitaji. Jopo likisikia hivyo lina haki ya kuogopa.

Dada wa ndizi anatenganisha mambo. Saa ina mbadala: simu yoyote inayoonyesha sekunde. Atasubiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya, kisha atahesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, kiwango ni 40. Kipimo cha malaria hakina mbadala nyumbani. Kwa hiyo, hata akipata pumzi 44, mtoto ataandikiwa rufaa kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na mhudumu atafuatilia kama alifika. Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, mhudumu haendelei kuhesabu. Anampeleka mara moja.

Mwisho anasema angeandika tarehe vipimo vilipokwisha na kumjulisha msimamizi wake, akitaja watoto aliowapa rufaa tangu hapo. Sehemu hii wengi huisahau, wakidhani kuomba vifaa ni kulalamika. Lakini upungufu usioandikwa hauonekani kwenye hesabu ya kituo, na mzigo mwingine hauagizwi.

Ningekuwa kwenye jopo, ningempa kazi dada huyu kwa sababu ya mstari aliouchora. Alijua kipi simu inaweza kukifanya, kipi hakuna mbadala wake, na nani aambiwe. Anayejiandaa kwa mahojiano haya achukue orodha ya vifaa vya mkoba na, mbele ya kila kimoja, aandike mbadala wake salama au neno “rufaa”.