Jibu lililokatika kwenye wadi ya 51

Kaunti ya Nakuru ina wadi 55 katika maeneobunge 11, na mbili kati ya wadi hizo zinaitwa Biashara. Moja iko Naivasha, nyingine iko Nakuru Town East, ndani ya jiji lenyewe. Mkazi hawezi kuzichanganya. Mfumo wa akili unde ulioagizwa kuandika jambo kuhusu kila wadi, ukakatika njiani, unaweza kuzichanganya kwa urahisi sana, hasa pale aliyeuagiza anapoandika neno moja tu: endelea.

Tuchukue mfano wa karani wa kikundi cha elimu ya uraia mjini Nakuru. Anataka matangazo mafupi 55, moja kwa kila wadi, ya kuwaalika wakazi kwenye vikao vya maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Orodha ya wadi ameiandika mwenyewe, akifuata mpangilio wa maeneobunge wa tume ya uchaguzi: Molo kwanza, kisha Njoro, Naivasha, Gilgil, Kuresoi zote mbili, Subukia, Rongai, Bahati, halafu Nakuru Town West na Nakuru Town East. Kwa mpangilio huo Biashara ya Naivasha inakuwa ya 11 na Biashara ya jijini inakuwa ya 51.

Mifumo hii haihesabu maneno. Huhesabu tokeni, yaani vipande vya maneno, na neno moja la Kiswahili mara nyingi hugawanywa vipande viwili au zaidi, na viambishi vyetu kushikana na mzizi ni sababu mojawapo. Tangazo la maneno sitini na kitu linaweza kula tokeni 160 hivi. Mara 55, ukiongeza utangulizi wa tokeni 170, kazi nzima inahitaji tokeni 8,970. Ikiwa programu imewekewa kikomo cha tokeni 8,192 kwa jibu moja, matangazo 50 yatatoka kamili na la 51 litakatika likiwa ndio limeanza. Jibu litaishia hivi:

```
51. Biashara: Wakazi wote mnaalikwa kwenye kikao cha
```

Karani anaona sentensi haijaisha. Anaandika "endelea" na kutuma.

Mfumo ulioandika maneno hayo hauna kumbukumbu ya kukatizwa. Unaposoma ujumbe mpya, unapewa maandishi ya mazungumzo yote tangu mwanzo, na kwa kawaida ndani ya maandishi hayo hakuna alama inayosema kwamba jibu lililopita lilifika kikomo. Alama hiyo ipo, ila inabaki kwenye programu iliyouita mfumo. Mhandisi anayetumia huduma ya Anthropic, kwa mfano, huiona ikirudi pamoja na jibu:

```
"stop_reason": "max_tokens"
```

Jibu lingemalizika lenyewe, hapo pangesomeka `end_turn`. Kwa OpenAI, kwenye huduma yao ya mazungumzo, jina ni `finish_reason`, nayo husema `length` jibu likikatwa na kikomo na `stop` likiisha vizuri. Programu ikipokea taarifa hiyo na kuitupa, mfumo unabaki kukisia kutokana na sura ya maandishi tu. Kwenye mfano wetu kukisia ni rahisi: sentensi imeachwa hewani, namba ni 51, na ombi la mwanzo lilitaka 55. Ugumu unakuja mkato ukiangukia mahali panapoonekana pazima. Tuseme jibu limeishia kwenye nukta ya tangazo la 44, wadi ya mwisho ya Bahati. Eneobunge limekamilika, sentensi imekamilika, na "endelea" sasa inaweza kusomwa kama ombi la kuongeza jambo jipya. Hapo ndipo unapoona mfumo ukiandika hitimisho la kuwashukuru wakazi, huku wadi zote 11 za jijini zikiwa hazijaguswa. Kinga ni idadi iliyoahidiwa mwanzoni. Kabla ya kuandika chochote, namba ya mwisho iliyotoka inalinganishwa na namba iliyoombwa, na tofauti kati yake ndiyo kazi iliyobaki.

Hayo yote yanahusu mkato wa kikomo, na ndio mkato mpole kuliko yote, kwa sababu pande mbili zinaona mwisho uleule. Mkato unaonitia wasiwasi zaidi ni wa mtandao.

Karani wetu anatumia simu. Jibu linamfikia kidogo kidogo kadiri linavyoandikwa. Bando likiisha, au simu ikipoteza mawimbi gari likiteremka kuelekea Mai Mahiu, maandishi yanasimama kwenye skrini yake, tuseme kwenye tangazo la 38, Mosop. Lakini seva iliyo mbali inaweza kuwa imeendelea kuandika hadi la 51 na kuhifadhi yote. Mtandao unaporudi, baadhi ya programu huleta jibu lote lililohifadhiwa, nyingine hubakiza kile kipande alichokuwa nacho. Akiwa na kipande hicho aandike "endelea", mfumo unasoma jibu lililohifadhiwa, unaona 51, na unaanzia hapo. Karani anapokea jibu safi, lenye namba zinazofuatana vizuri ndani yake, ila kuanzia Solai, ya 39, hadi Shaabab, ya 50, hana kitu. Wadi 12 zimepotea bila kosa lolote kuonekana kwenye sehemu yoyote ukiisoma peke yake. Kinyume chake hutokea pia: programu nyingine haihifadhi jibu lililokatika, kwa hiyo mfumo unaona ombi la mwanzo likifuatwa na "endelea" tu, kisha unaanza upya kutoka Mariashoni ya Molo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mahali pa kuendelea ni pale ambapo msomaji ameishia kupokea. Kule ambako mwandishi ameishia kuandika kunaweza kuwa mbele zaidi, na neno "endelea" halisemi lolote kuhusu tofauti hiyo. Mtu mmoja tu anajua nini kipo kwenye skrini ya karani, naye ni karani. Kwa hiyo jibu la pili linapaswa kufungua kwa mstari mmoja unaotaja mahali linapoanzia, kwa namna ambayo yeye anaweza kuilinganisha na alichonacho kwa mtazamo mmoja. Mstari huo unahitaji vitu vitatu: namba, eneobunge na wadi. Ukisema tu kwamba unaanzia Biashara, hujathibitisha kitu. Ukisema unaanzia namba 51, Nakuru Town East, wadi ya Biashara, karani mwenye 38 atashtuka mara moja na kuandika kwamba yeye amefika Mosop.

Eneobunge linaonekana kama ziada hadi siku mazungumzo ya zamani yanapopotea. Karani akifungua mazungumzo mapya, akabandika mistari miwili ya mwisho bila namba na kuandika "endelea", mfumo unaona neno Biashara na nusu ya sentensi. Ukijaza pengo kwa kudhani ni Naivasha, wadi inayofuata ni Hells Gate. Ikiwa ni jijini, inayofuata ni Kivumbini. Zote mbili ni sahihi kwa namna yake, na hakuna cha kuzitenganisha ndani ya maandishi. Hali hiyo ndiyo inayostahili swali badala ya taarifa: ni Biashara ipi, ya Naivasha au ya Nakuru Town East? Swali linaishia hapo na mfumo unasubiri. Penye mahali pamoja tu panapowezekana, kuuliza ni kumpotezea mtu muda na bando, kwani ameandika neno moja akitarajia kazi iendelee. Taja mahali, kisha anza.

Majina ya Nakuru yana mitego mingine ya aina hii, hata bila Biashara. Molo, Njoro, Gilgil, Subukia na Bahati kila moja ni jina la eneobunge na pia la wadi ndani yake. Menengai ni wadi ya Nakuru Town East, Menengai West iko Rongai. Yeyote anayetengeneza orodha ndefu kutokana na majina haya afanye namba kuwa kitambulisho, jina liwe la kusomwa na binadamu.

Linabaki suala la kiungo chenyewe, yaani ile sentensi iliyoachwa kwenye "kikao cha". Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea kutoka neno linalofuata, bila salamu wala mstari wa utambulisho, ili vipande viwili vikiunganishwa visomeke kama kimoja. Njia hii inafaa pale ambapo programu ndiyo inayounganisha, kwa mfano kitufe cha kuendeleza ambacho kinajua jibu lilikatwa na kikomo na kina maandishi yote mkononi. Ya pili ni kuliandika tangazo la 51 upya tangu mwanzo wake. Kwa karani anayenakili kwa kidole kwenye simu, naona njia ya pili ni bora kwa mbali. Atafuta mstari mmoja uliokatika na kubandika tangazo zima. Akipewa nusu ya pili tu, atalazimika kuishona na nusu ya kwanza, na hapo ndipo maneno hurudiwa au nafasi hupotea. Kuna sababu nyingine pia: mfumo ukiendelea kutoka katikati ya sentensi huweza kubadili mpangilio wa tangazo, siku ya kikao ikatajwa mara mbili au isitajwe kabisa.

Ukaguzi wa mwisho hauhitaji kusoma matangazo yote 55. Karani akishaunganisha vipande, atafute kwanza namba zilizo kandokando ya kila kiungo, 50, 51 na 52, aone zipo zote na kila moja mara moja. Kisha atafute neno Biashara kwenye maandishi yote. Likiwa kichwa cha tangazo mara moja tu, wadi moja imemezwa na nyingine. Likitokea mara tatu, kipande kilichokatika hakijafutwa. Likitokea mara mbili, asome matangazo yote mawili kwa ukamilifu, kwa sababu bado kuna uwezekano mmoja ambao hesabu haiwezi kuunasa: tangazo la 51 kubeba ukumbi wa Naivasha.

Akiwa bado hajaanza, angeweza kuomba kazi itolewe eneobunge moja kwa kila jibu. Naivasha ndilo kubwa kuliko yote, lina wadi nane, na kwa tokeni 160 kila moja haifiki hata 1,400. Hakuna jibu litakalokaribia kikomo, na "endelea" kumi atakazoandika zitaangukia zote kwenye mpaka wa eneobunge. Mstari wa kutaja mahali utahitajika bado, maana mtandao unaweza kukatika ndani ya wadi nane kama unavyokatika ndani ya 55, ila kitakachopotea hapo kitakuwa sehemu ya eneobunge moja tu.