Jibu la Pengo Liko Nje ya Pengo

Chukua sentensi hii, ambayo mfano wake hukosi kuukuta katika mazoezi ya Kiingereza ya kujaza nafasi zilizo wazi: "Juma stopped ____ to his uncle." Kitenzi kilichotolewa ni talk, na mwanafunzi anatakiwa akiweke katika umbo linalofaa. Mwongozo wa kusahihishia unasema talking. Aliyeandika to talk anapigwa kosa, ingawa majibu yote mawili ni Kiingereza safi. Kwa talking, Juma alikuwa anaongea na mjomba wake, akanyamaza. Kwa to talk, alikuwa anakwenda zake, akasimama ili waongee. Sentensi haituambii lipi lilitokea. Mtunzi alikuwa na picha kichwani, ila kwenye karatasi hakuiweka.

Mazoezi ya umbo la -ing na umbo lenye to huharibikia hapo zaidi kuliko penginepo, na sehemu ya sababu ni historia ya pengo lenyewe. Wilson Taylor, aliyeeleza mbinu hiyo mwaka 1953, alifuta maneno ndani ya kifungu kizima cha habari, hivyo msomaji akawa na mistari ya kabla na ya baada ya kumsaidia. Sisi tumelichukua pengo tukakiacha kifungu. Ikibaki sentensi moja, ushahidi wote unaotenganisha majibu mawili lazima uwe ndani ya sentensi hiyo.

Tuitengeneze ya Juma. "Juma was late for class because on the way he stopped ____ to his uncle." Sasa ana safari, na safari hiyo imemchelewesha. Jibu ni to talk, na mwanafunzi anaweza kulitetea. Kitenzi kilekile tukitafutie mazingira mengine: "When the teacher walked in, Juma stopped ____ and opened his book." Hapa ni talking. Kilichobadilika hakimo kwenye pengo wala kwenye stop. Kimo katika maneno ambayo mwanafunzi mwenye haraka huyaruka.

Kwa stop, maumbo haya mawili hata hayafanyi kazi moja ya kisarufi. Umbo la -ing ni kile kinachokomeshwa. Umbo lenye to linaeleza kusudi la kusimama, ndiyo maana unaweza kuchomeka in order mbele yake bila sentensi kuumia: "he stopped in order to talk." Jaribu hivyo kwa remember, "she remembered in order to lock the door", uone inavyovunjika. Kwa hiyo kuvipanga stop na remember katika orodha moja ya vitenzi vinavyobadilisha maana kunaficha kwamba kila kimoja kinabadilisha kwa njia yake. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili ana msaada wa bure kwenye stop: aulize tu, "Aliacha au alisimama?" Aliyejibu "aliacha kuongea" ataandika talking, na aliyejibu "alisimama kuongea" ataandika to talk. Msaada huo unaishia hapo, kwa sababu kwa remember tunatumia kumbuka pande zote mbili.

Kanuni inayotolewa darasani kuhusu remember ni kwamba jambo lililopita linachukua -ing na jambo lijalo linachukua to. Ni kanuni fupi, na ufupi wake unawaponza wengi. Mpe mwanafunzi sentensi hii: "Last night Asha remembered ____ the gate, so the goats stayed in." Kitenzi ni close. Akiona last night, anaandika closing bila kusita, maana jana si imepita? Lakini kalenda haihusiki. Kinachohusika ni kipi kilitangulia kati ya kukumbuka na kutenda. Asha alikumbuka kwanza, kisha akafunga, na mbuzi wakabaki zizini. Jibu ni to close. Linganisha na "I clearly remember ____ the gate, so who opened it?" Msemaji alifunga kwanza, na sasa ndiyo anakumbuka. Jibu ni closing.

Kuna jambo jingine kwenye remember ambalo mazoezi hayaligusi sana. Mwanaisimu Lauri Karttunen alilichambua mwaka 1971, alipoonyesha kwamba vitenzi fulani vinabeba habari ya kama tendo lilifanyika au la. "She remembered to lock the door" inakuambia mlango ulifungwa. "She didn't remember to lock the door" inakuambia haukufungwa. Lakini "she doesn't remember locking the door" haikuambii lolote kuhusu mlango: pengine umefungwa vizuri kabisa, ila mwenyewe hana kumbukumbu. Mtunzi akitaka pengo la remember lipime kitu, aweke mlango, mbuzi au mwizi upande wa pili wa sentensi, ili matokeo yenyewe yatoe jibu.

Tunafika kwa try, na hapa ningependa watunzi wengi waweke kalamu chini. Maelezo ya vitabuni yanaeleweka: to inaonyesha juhudi ambayo huenda isifanikiwe, na -ing inaonyesha jambo lililofanywa ili kuona kama litasaidia. "I tried opening the window, but the room was still hot." Dirisha lilifunguka, joto halikuondoka. "I tried to open the window, but it was stuck." Juhudi zilifanyika, dirisha likagoma. Kwenye karatasi tofauti inapendeza. Shida ni kwamba wenye lugha wenyewe husema pia "I tried opening the door, but it was locked", na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo pengo la dirisha lililogoma lina jibu linalopendelewa na jingine linalokubalika, na mwanafunzi mwenye sikio zuri ndiye anayekatwa alama.

Pia lipo kosa la kinyume, pale sentensi inapovujisha jibu. "He is trying ____ the window" haina swali ndani yake. Kiingereza hukwepa kuweka -ing mbili mfululizo, hivyo to open inajileta yenyewe hata kwa asiyejua maana. Mpangilio wa maswali nao unavujisha. Kama stop imetokea mara mbili na maswali yake yamefuatana, aliyepata la kwanza atageuza tu umbo kwa la pili. Ni afadhali yawe matatu, mawili ya -ing na moja la to, yakiwa yametawanyika kati ya vitenzi vingine.

Kabla ya kuchapisha, wape wenzako wawili watatu wanaokijua Kiingereza wajaze mapengo bila kuona majibu. Wakitofautiana kwenye swali, usianze kubishana nao juu ya kanuni. Rudi kwenye sentensi uongeze kilichokosekana, au ulitoe.

Kwa try, ningeacha pengo kabisa nikatumia swali la maana. Andika "She tried to open the window" na "She tried opening the window, but the room was still hot", halafu uliza kwa kila moja: dirisha lilifunguka? Kwa ya pili jibu ni ndiyo. Kwa ya kwanza jibu sahihi ni "haijulikani", na aliyeandika "hapana" ni wa kurudishiwa sentensi aonyeshe ni neno gani limemwambia hivyo.