Dirisha la Nyuma Ndilo Linalovuta Upepo wa Ziwa

Kalemie iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, na hapo upepo una zamu zake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hivyo hewa huvuma kutoka ziwani, mashariki. Usiku vilima hupoa haraka, upepo hugeuka na kuteremka kuelekea majini. Hata hivyo nyumba nyingi hujengwa na dirisha kubwa la kutazama ziwa, huku ukuta wa nyuma ukiachiwa kitundu tu chini ya bati kwa kuogopa wezi. Chumba cha namna hiyo hakipoi, na sababu yake inahesabika.

Tuseme dirisha la mbele lina mita 1.2 za mraba na kitundu cha nyuma 0.3. Hewa haiingii mahali isipoweza kutoka, kwa hiyo matundu mawili yanayofuatana hufanya kazi kama tundu moja:

A = (A₁ × A₂) / √(A₁² + A₂²)

Jibu ni 0.29, chini hata ya kile kitundu. Ukipanua dirisha la mbele mara mbili, lifike 2.4, utapata 0.30, fedha ya matofali na vioo imepotea bure. Liache la mbele lilivyo, fungua la nyuma liwe 1.2 pia: unapata 0.85, karibu mara tatu ya mwanzo, kwa upepo uleule.

Baada ya ukubwa, tazama mahali. Upepo ukigonga ukuta moja kwa moja na madirisha yakatazamana, hewa hupita kama mkanda katikati na pembe zikabaki na joto. Sogeza la kutokea kando kidogo, hewa ilazimike kukata chumba. Kimo cha dirisha la kuingilia ndicho kinachoamua hewa ipite wapi. Kimo cha la kutokea hubadilisha kidogo sana. Kizingiti cha chini kikiwa mita 1.5, upepo utapita juu ya mtu aliyelala. Na kwa kuwa usiku dirisha la nyuma ndilo huwa la kuingilia, nalo lishuke hadi usawa wa kitanda. Usalama utatokana na nondo, au matofali yenye matundu.

Mlango wa ndani nao ni tundu la tatu: ukifungwa, hesabu yote inakufa, isipokuwa umeacha nafasi juu yake. Wavu wa mbu hupunguza mwendo wa hewa pia, lakini penye malaria hauondolewi. Ongeza upana wa madirisha yote mawili.

Kupima ni rahisi. Washa dawa ya mbu ya kuzunguka karibu na dirisha upepo unakotoka, ufuate moshi: ukizungukazunguka chumbani bila kutoka, njia ya kutokea ni ndogo au imezibwa. Wewe unayejenga sasa, zungumza na fundi kabla ukuta wa magharibi haujapita usawa wa kiuno.